Maua Kumi na Moja kwa Namba Moja ya Simu

Temenuga Doseva alikuwa na tabia ya kuondoka akiwa amekaa. Mwili ulibaki kitini, mikono juu ya kibodi, lakini mwenyewe alikuwa amekwisha toka dirishani na kuufuata mto Yantra kule unakokwenda. Wenzake ofisini walimzoea. Ukimwuliza jambo, ulinyamaza kidogo, ukamngoja arudi, naye alirudi na jibu sahihi, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa kwa upole.

Watu wa Gabrovo wanasifika kwa ubahili kupita Wabulgaria wote, na wenyewe hawaukatai. Husema paka wao hukatwa mkia ili mlango ufungwe upesi, joto lisipotee. Mimi paka wa namna hiyo sijamwona, ila nimekaa Gabrovo miaka ya kutosha kusema kwamba milango kweli inafungwa upesi. Katika mji kama huo, kazi ya Temenuga ilikuwa kutoa punguzo. Aliandika masharti ya misimbo ya punguzo kwa duka la Vreteno, linalouza nyuzi za sufu kwenye mtandao: nani apewe, lini, kwa kununua kiasi gani, na punguzo lipi lisikae juu ya lipi.

Duka lenyewe lilikuwa ghorofa ya pili ya kiwanda cha zamani cha nguo, na hapo ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu kidogo, kwa sababu Temenuga alikuwa amefanya kazi katika jengo hilohilo miaka ishirini na mitatu, tangu msichana wa miaka kumi na minane. Alitoboa kadi za mitambo ya kufumia. Penye tundu uzi unapanda, pasipo na tundu uzi unabaki chini. Ukikosea tundu moja, ua linatoka na jani mdomoni. Kiwanda kilipofungwa alifagia ngazi za watu, akachuma waridi za watu, kisha kituo cha ajira kikampeleka kwenye mafunzo ya kompyuta pamoja na vijana waliomwita bibi. Mwalimu alipoeleza kwamba mashine hujua ndiyo na hapana tu, vijana walikunja uso. Temenuga alitabasamu. Alikuwa amerudi nyumbani.

Punguzo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la Siku ya Maua, wazo lake mwenyewe. Jumapili moja kabla ya Pasaka, kila mtu mwenye jina la ua, la mti au la jani husherehekea siku ya jina lake, na Bulgaria imejaa watu hao. Temenuga maana yake ni ua dogo la zambarau linaloota kivulini. Siku hiyo watu hutoka kanisani na matawi ya mti wa varba yaliyobarikiwa, nyumbani samaki anangoja mezani, na mwenye jina hakai akialika mtu. Desturi ni kwamba siku ya jina haina mwaliko. Mwenye jina hukaa nyumbani, huacha mlango bila kufunga kwa ufunguo, na anayempenda huja.

Lakini mwaka uliotangulia Siku ya Maua iliingia mkosi. Kulikuwa na msimbo wa Machi, asilimia thelathini, na Temenuga alikuwa ameacha wazi nafasi ya tarehe ya kwisha. Sisi tukiona nafasi tupu tunadhani mtu amesahau. Mashine ikiona nafasi tupu inaelewa milele. Aprili ikaja, msimbo wa Machi bado unapumua, na hakuna aliyekuwa ameandika kwamba misimbo miwili isikae kikapu kimoja. Watu wakaanza na nyuzi zilizokwisha kupunguzwa kwa asilimia arobaini, wakaweka msimbo wa Machi, juu yake wakaweka wa Maua, asilimia ishirini. Kila punguzo likakata kilichobaki baada ya lile la kwanza, na bidhaa ya leva mia ikatoka mlangoni kwa leva thelathini na tatu na kitu. Mmoja aliubandika msimbo kwenye tovuti ya wapenda kuponi. Kwa siku mbili Vreteno ilikuwa inawalipa watu wachukue sufu.

Mwenye duka, Stamen Gavazov, ambaye wote walimwita bai Stamen kwa sababu ya umri wake, hakupiga kelele. Alikaa, akafungua chupa yake ya chai, akamimina nusu kikombe, na nusu nyingine akairudisha. "Temenuga," alisema, "mwaka ujao nitakupa nafasi moja. Akipita mjanja mmoja tu, mmoja, hayo maua yako nayazika na sisomi hata dua."

Basi mwaka huu alikuwa amefuma masharti kwa mkono mzito. Msimbo ulikuwa VARBA. Asilimia ishirini, lakini punguzo lisizidi leva kumi, hata ukinunua sufu ya kuvalisha jeshi. Kikapu kiwe na bidhaa za leva hamsini au zaidi, zikihesabiwa kabla ya punguzo, na nauli ya mpeleka mizigo haihesabiwi. Nyuzi zilizokwisha shushwa bei haziingii. Msimbo huo haukai na msimbo mwingine wala na punguzo la wafanyakazi. Yakikutana mawili, mfumo unachagua lile linalompa mteja zaidi na kuliacha jingine. Jina la kwanza lipimwe kwenye orodha ya majina mia mbili na kitu ya maua na miti. Na msimbo ukaguliwe mara mbili, unapoandikwa kikapuni na tena mteja anapobonyeza kununua, ili mtu asiufungie kikapuni leo akaja kuutumia Krismasi.

Kwisha kwake kulikuwa Jumapili saa sita kamili mchana. Hilo bai Stamen alilitaka mwenyewe, akisema baada ya chakula watu hununua tu, hawahitaji kubembelezwa. Saa ya mashine iko nyuma ya saa ya Gabrovo kwa saa tatu, kwa hiyo Temenuga aliandika saa tatu asubuhi, akalisoma tena, akalisoma mara ya tatu. Safari hii hakuacha nafasi tupu hata moja.

Lililobaki ni ujanja wa majina. Mashine haiwezi kujua kama Kalina ni Kalina. Wateja wengi wa huko hawalipi kwa kadi. Wanalipa taslimu wanapopokea mzigo, kwa hiyo hakuna kadi ya kulinganisha, na barua pepe mtu anafungua kumi kabla uji haujapoa. Kitu ambacho mtu hawezi kudanganya ni namba ya simu, kwa sababu mpeleka mizigo ataipiga. Temenuga akafunga msimbo kwenye namba: namba moja, mara moja. Na namba tofauti zikielekea mahali pamoja pa kupokelea kwa msimbo uleule, oda isikataliwe, isimame kando hadi macho ya mtu yaitazame. Maana mama na binti nao huishi nyumba moja, na wote wanaweza kuwa maua.

Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, walikuja kazini wawili tu, yeye na bai Stamen. Nje kulikuwa na jua jepesi, wasichana wenye mashada vichwani walikuwa wakiimba nyumba kwa nyumba ng'ambo ya mto, na sauti zao zilifika na kupotea. Temenuga alifungua ukurasa wa misimbo iliyokataliwa. Alipenda kuusoma ukurasa huo kuliko ule wa mauzo. Kwenye mauzo watu wanafanana. Kwenye kukataliwa kila mtu ana lake.

Aliona mmoja anayeitwa Georgi aliyejaribu kuwa Rozalina. Aliona mwenye kikapu cha leva arobaini na tisa na stotinki tisini, senti kumi tu kabla ya kufika hamsini, akacheka kidogo. Kisha akaona mistari kumi iliyofuatana, yote kwa namba moja ya simu, yote kwenda duka la kijiji cha Tihi Dol, kila kikapu madonge sita ya sufu ya kijivu, leva hamsini na stotinki arobaini. Kabla ya hiyo kumi, namba hiyo ilikuwa na oda moja iliyokubaliwa, ya Karamfila. Kumi zilizofuata zote zimegongwa muhuri uleule: namba hii imekwisha kutumia msimbo.

Alisoma majina. Kalina. Nevena. Detelina. Elitsa.

Hapo mkono ukasimama. Alijua jina litakalofuata kabla hajashusha macho. Roza. Baada ya Roza ni Yavora, kisha Latinka, kisha Malina, kisha Iglika mwenye kikohozi. Hawakupangwa kwa herufi wala kwa umri. Walikuwa wamepangwa kutoka dirishani kuelekea mlangoni, kama walivyosimama kwenye mitambo yao katika chumba hikihiki, wakati sakafu ilipokuwa ikitetemeka na mtu anazungumza kwa midomo bila sauti. Kikosi cha Maua, ndivyo walivyoitwa, kwa sababu bahati ilikuwa imewaweka pamoja wanawake kumi na mmoja wote wa siku moja ya jina. Harufu ya mafuta ya mashine na sufu yenye unyevu ilimjia waziwazi hata akageuka kutazama nyuma.

Kwenye mstari wa kumi, karibu kabisa na mlango palipokuwa na meza ya kadi, paliandikwa Temenuga.

Alilitazama jina lake kwa muda mrefu. Limekataliwa, saa nne na dakika saba asubuhi.

Bai Stamen aliletwa na ukimya. Alisoma juu ya bega lake, akahesabu kwa kidole, akapiga mluzi. "Kumi na moja kwa namba moja. Huyu ni mtu wetu. Huyu kazaliwa Gabrovo." Ilikuwa karibu sifa. Halafu akakumbuka yeye ni mwenye duka. Akamwagiza Temenuga aiweke namba hiyo kwenye orodha ya waliofungiwa, na ile oda ya kwanza iliyokubaliwa aifute pia, iwe fundisho.

Temenuga alikataa, kwa sauti yake ya kuamshwa. Oda ya kwanza ni halali, alisema: jina limo, kiasi kimefika, namba ilikuwa haijatumika. Kumi zilizofuata zimekataliwa. Hakuna aliyepita. Sharti likishafanya kazi yake, hatumwadhibu mtu mara ya pili kwa sababu amejaribu.

"Na akirudi kesho na simu ya jirani?"

"Mahali pa kupokelea ni palepale. Itasimama kando, tutaitazama."

"Tutaitazama, na jibu ni hapana," alisema bai Stamen. "Mmoja akipita, Temenuga. Nilisema mmoja."

Bai Stamen aliporudi mezani kwake, Temenuga aliinua simu. Kumpigia mteja aliyekataliwa ilikuwa sehemu ya kazi, kwa hiyo hakuwa anavunja lolote, ingawa aliiinamia simu kama mwizi. Ilipokelewa na sauti kavu, ya juu, ambayo miaka haikuigusa.

"Hapo ni kwa Karamfila Mineva?"

"Inategemea. Unauza au unanunua?"

Alisema anatoka duka la sufu, kuhusu zile oda. Jina lake hakulitaja. Alieleza kwamba msimbo ni mmoja kwa kila mtu.

"Kwani hao ni mbuzi?" aliuliza Karamfila. "Kila mmoja na jina lake, nimeandika vizuri, nimevaa na miwani. Mna punguzo mnaliita asilimia ishirini, kumbe ni leva kumi na mlango umefungwa. Nanunua sufu ya soksi za mwaka mzima, binti yangu. Ninyi mkinikatia vipande, na mimi najikata vipande."

"Lakini mama, hao wote wapo hapo nyumbani?"

Jogoo akasikika kwa nyuma. Karamfila akaanza kuwataja mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayekusanya vyombo mezani. Kalina yuko Hispania kwa mwanawe, analea wajukuu wasiojua Kibulgaria. Nevena yuko makaburini, hapo juu; Karamfila akisimama dirishani analiona kaburi lake. Roza na Yavora vilevile. Iglika alimalizwa na kile kikohozi. Detelina hakumbuki tena yeye ni nani, basi kuna ubaya gani mwingine akimkumbuka kwa leva kumi?

"Na Temenuga?"

"Temenuga wa kadi? Huyo amekufa zamani, maskini. Alikuwa na mikono misafi yule. Unamwambia jambo, yeye yuko mawinguni."

Temenuga alishika ukingo wa meza. Mpaka leo akisimulia hapa husema hakuumia; alihisi wepesi, kana kwamba kweli amekufa. "Nani alikuambia amekufa?" aliuliza mwisho.

"Aniambie nani? Mtu akikosa kuja siku ya jina lako mwaka wa kwanza, unasema anaumwa. Mwaka wa pili, unasema kakasirika. Miaka kumi na minane, mwanangu, kila mwaka nakaanga samaki na mlango uko wazi. Unataka barua ya daktari?"

Aliomba radhi kwa niaba ya duka, akasema oda yake ya kwanza itafika Jumanne, akaweka simu chini.

Alirudi nyumbani kwa miguu kando ya mto, na huko njiani ndipo alipoliona lote, na alilia mbele za watu bila kujificha. Miaka kumi na minane na yeye pia alikuwa amekaanga samaki. Alikuwa ameacha mlango bila kufunga, ametandika kitambaa, amekaa na gauni la bluu, amesikiliza hatua za ngazini zikipita kwenda ghorofa ya juu. Alikuwa amewalaumu mmoja baada ya mwingine, Karamfila kuliko wote. Wakati wa kiwanda hilo halikuwa tatizo, kwani walisherehekea pamoja hapohapo kati ya mitambo. Kiwanda kilipofungwa, kila mmoja alikwenda kwake kuwa mwenyeji. Wote wana siku moja, na mwenye jina haondoki nyumbani. Kikosi kizima kilikaa kwenye milango kumi na mmoja iliyo wazi, wenyeji watupu, na mgeni hakuna.

Jumapili asubuhi alipanda basi la Tihi Dol na samaki wake kwenye sufuria, amemfunga kwa kitambaa, na tawi la varba mkononi. Mlango wa nyumbani kwake aliufunga kwa ufunguo. Mkono ulisita, kwa maana tangu azaliwe hakuwahi kufunga mlango siku ile, lakini aliufunga.

Kijiji kilikuwa na ukungu wa maua ya miplamu pande zote, meupe, na barabara haikuwa na mtu. Aliuliza dukani, akaonyeshwa. Mlango wa Karamfila ulikuwa wazi robo. Aliusukuma. Bibi kizee mfupi, amevaa aproni iliyopigwa pasi, alikuwa ameketi mezani ametazama mlango, meza imeandaliwa watu wawili, maana kuandaa ya mmoja siku hiyo ni mkosi.

"Nani?" aliuliza, akitafuta miwani.

"Temenuga wa kadi," alisema Temenuga. "Siku njema ya jina, dada Karamfila. Nimechelewa."

Karamfila alivaa miwani. Alimtazama kuanzia viatu hadi tawi. Akainuka, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza kama anayekagua kitambaa kwenye mwanga, mbele na nyuma. Kisha akamkumbatia kiunoni, maana hapo ndipo alipofika, na wakakaa hivyo hadi samaki wa jikoni akaanza kunuka kuungua.

Walikula samaki wawili. Walicheka kuhusu jana, Karamfila akimtukana kwa mapenzi, akisema ana roho ya jiwe, kumwacha mtu amzike kwenye simu na asiseme neno. Halafu akawa mzito. "Nilikuandika, unajua. Wa mwisho, karibu na mlango. Mashine yenu ikakukataa."

"Ilikataa namba yako ya simu, dada. Mimi haijanikataa."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na sita. Temenuga alitoa simu yake. Mfumo ulimtambua mara moja kuwa mfanyakazi, ukamwekea punguzo la wafanyakazi, asilimia thelathini, lisilo na kikomo cha leva kumi. Aliandika VARBA, mfumo ukalinganisha mawili, ukachagua kubwa, na msimbo wake ukauacha chini, kama yeye mwenyewe alivyouagiza. Basi akajitoa kwenye akaunti ya kazi. Alianza upya kama mtu yeyote. Madonge sita ya kijivu, leva hamsini na stotinki arobaini. Jina: Temenuga. Namba yake mwenyewe ya simu. Pa kupokelea: duka la Tihi Dol. Alijua fika kwamba namba mpya kuelekea pahali pale, siku moja baada ya yale maua kumi na moja, ingesimama kando mbele ya bai Stamen, na bai Stamen alikwisha sema jibu. Kidole kilisimama juu ya kitufe. Siku ya Maua yenyewe ilikuwa juu ya kidole chake.

"Unaogopa nini?" aliuliza Karamfila.

"Naogopa nitaizika."

"Sisi tumezikwa mara ngapi," alisema Karamfila, akamsogezea mkate.

Alibonyeza. Msimbo umekubaliwa. Chini yake, kwa maandishi madogo: oda inasubiri kutazamwa. Karamfila alisoma kwa sauti mstari wa juu mara mbili, na wa chini hakuusoma. Saa ikagonga sita na VARBA ikafa kwa wakati wake.

Jumatatu bai Stamen alikuwa amefika kabla yake, na oda ilikuwa wazi kwenye kioo. Vitufe viwili chini: kubali, kataa. Hakuna mtu wa Vreteno anayeruhusiwa kuikubali oda yake mwenyewe. Sharti hilo pia aliliandika Temenuga.

"Ua la kumi na mbili," alisema bai Stamen. "Tihi Dol tena. Na namba ninaijua kwa kichwa, kwa sababu ndiyo ninayoipiga mfumo ukilala. Nieleze kabla sijaimaliza siku yako ya maua."

Alimweleza. Alimweleza mitambo kutoka dirishani hadi mlangoni, milango kumi na mmoja iliyo wazi, na samaki. Hakuomba lolote. Alisema jina limo kwenye orodha, kiasi kimefika, namba haijatumika, muda ulikuwa haujakwisha. Alisema ni yeye, na ni mzima.

Bai Stamen alichukua penseli. Alipiga hesabu pembeni ya gazeti, akaipiga tena, akainua uso uliojaa wasiwasi. "Punguzo la wafanyakazi lingekuwa leva kumi na tano na stotinki kumi na mbili. Wewe umechukua kumi. Umetupa leva tano na stotinki kumi na mbili. Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi, bai Stamen. Nilitaka litumike jina."

Bai Stamen alilitazama dirisha, ambako mtambo wa kwanza ulikuwa ukisimama zamani, ingawa yeye hakuwahi kuuona. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko Temenuga alivyowahi kumwona akikaa bila kufanya chochote cha faida. Kisha akavuta kipanya na kubonyeza kubali.

"Mjanja hapotezi leva tano," alisema. Alifungua chupa ya chai, akajaza kikombe hadi ukingoni, akamsogezea. "Andika tarehe ya mwakani. Na Jumapili hiyo hufanyi kazi."